Jaribio la Pendulamu: Majadiliano na Hitimisho

Jaribio: kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia (g) kwa kutumia pendulamu ya uzi na gololi ya chuma
Mahali: maabara ya fizikia ya chuo, Morogoro
Waliofanya: kundi la wanafunzi watatu

MAJADILIANO

Tulitarajia g iwe karibu na 9.8 m/s². Wastani tulioupata ni 9.35 m/s². Kwa rula ya mita moja na stopwochi inayosoma sehemu ya kumi ya sekunde, kupishana kwa asilimia moja au mbili kusingetushangaza. Sisi tumepungukiwa kwa zaidi ya asilimia nne. Tuliona si haki kuandika "makosa ya kibinadamu" na kufunga daftari, kwa hiyo tumejaribu kulitafuta kosa lenyewe liko wapi.

Tunarudia hapa matokeo yetu jinsi yalivyoandikwa siku ya jaribio, bila kubadili tarakimu yoyote. Kila muda ni wastani wa vipimo vitatu, na g imekokotolewa kwa kanuni g = 4π²l/T².

| Urefu l (m) | Muda wa bembeo 20 (s) | T (s) | T² (s²) | g (m/s²) |
|---|---|---|---|---|
| 0.20 | 18.9 | 0.945 | 0.893 | 8.84 |
| 0.40 | 26.0 | 1.300 | 1.690 | 9.34 |
| 0.60 | 31.6 | 1.580 | 2.496 | 9.49 |
| 0.80 | 36.5 | 1.825 | 3.331 | 9.48 |
| 1.00 | 40.6 | 2.030 | 4.121 | 9.58 |

Safu ya mwisho ndiyo iliyotufungua macho. Mvutano wa dunia haujui tumefunga uzi wa urefu gani, kwa hiyo thamani zote tano zilipaswa kulingana, au kupishana huku na huku bila mpangilio. Zetu zote ziko chini ya 9.8, na zinapanda kadiri uzi unavyorefuka, isipokuwa ule wa 0.80 m ambao tutauzungumzia baadaye. Kosa la nasibu haliendi hivyo. Kuna kitu kimoja kilichokuwa kikituvuta upande uleule kila mara, na nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi kwenye uzi mfupi.

Wazo la kwanza lililojitokeza kundini lilikuwa kuilaumu jiografia. Ni kweli kwamba g si moja duniani kote: kwenye Ikweta, usawa wa bahari, ni takribani 9.780 m/s², na kwenye ncha za dunia ni takribani 9.832. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na Ikweta, akaiona inachelewa kuliko ilivyokuwa Paris, ikabidi afupishe pendulamu yake. Morogoro iko karibu na latitudo 7 Kusini, kwenye mwinuko wa kama mita 500, na hesabu inatupa 9.78. Ndiyo maana tumelinganisha na 9.78 badala ya 9.81 iliyo kwenye mwongozo. Lakini tofauti ya thamani hizo mbili ni 0.03 tu, na sisi tumepungukiwa 0.43. Milima ya Uluguru nayo haiwezi kubeba lawama, kwani athari ya milima kwenye g haifiki hata 0.01. Zaidi ya hayo, jiografia ingepunguza thamani zote tano kwa kiasi kilekile.

Tukahamia kwenye kuhesabu bembeo. Kosa linalojulikana sana ni kusema "moja" pale gololi inapoachiwa badala ya kusema "sifuri", ukaishia kupima bembeo 19 ukidhani ni 20. Hilo lingefanya T iwe ndogo na g iwe kubwa, karibu 10.8. Sisi tumeangukia upande wa pili. Kama tungekuwa tumepitiliza hadi bembeo 21, g ingekuwa 8.87, na lazima tukiri kwamba tulipoiona namba hiyo tulidhani tumefika, kwa sababu inakaribiana sana na 8.84 ya mstari wa kwanza. Ila kosa la kuhesabu lingetoa 8.87 kwenye urefu wote. Kwenye mita moja tuna 9.58. Maelezo hayo yanafaa kipimo kimoja na kuviacha vinne vikielea.

Pembe ya kuachilia ilihitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa inaelekea upande sahihi na inabadilika kulingana na urefu. Kila mara tulivuta gololi pembeni sentimita 5. Kwenye uzi mrefu hiyo ni pembe ya digrii 3 hivi. Kwenye uzi wa 0.20 m inafika digrii 13, na kanuni tuliyotumia ni ya pembe ndogo. Pembe ikikua, T halisi inaongezeka kwa sehemu ya takribani θ²/16, θ ikiwa kwa radiani. Kwa digrii 13 ongezeko ni asilimia 0.32 ya T, yaani asilimia 0.64 ya g, au 0.06 m/s². Pengo letu kwenye urefu huo ni 0.94. Basi pembe imechangia, lakini mchango wake ni kijisehemu tu.

Kuchelewa kwa kidole kwenye stopwochi tulikukadiria kuwa sekunde 0.2. Hata kama kuchelewa huko kote kungekuwa wakati wa kusimamisha, g ingepungua kwa 0.19 kwenye uzi mfupi na kwa 0.09 kwenye uzi wa mita moja. Hapo pia pengo halizibiki. Ukinzani wa hewa kwa gololi nzito ya chuma iendayo polepole ni mdogo mno kuonekana kwa vifaa hivi.

Jibu lilitoka kwenye grafu. Tulichora T² kwenye mhimili wima na l kwenye mhimili mlalo, na nukta zikakaa vizuri kwenye mstari mnyoofu wenye mteremko wa 4.05 s²/m. Tulitegemea mstari upite kwenye sifuri, kwa sababu uzi usio na urefu hauna bembeo. Haukupita. Ulikata mhimili wima kwenye 0.08 s². Siku ya jaribio tuliona ni kasoro ndogo ya mchoro, na mmoja wetu alishauri tuusukume mstari kidogo upite kwenye sifuri. Tunashukuru kwamba hatukufanya hivyo, maana tungekuwa tumefuta ushahidi pekee tuliokuwa nao.

Tuseme urefu halisi wa pendulamu si l tuliyopima bali l + d, ambapo d ni kipande tulichokisahau. Kanuni inakuwa:

T² = (4π²/g)·l + (4π²/g)·d

Mteremko haubadiliki, ila mstari unapanda juu ya sifuri kwa kiasi cha mteremko ukizidishwa kwa d. Kwa namba zetu, d = 0.08 ÷ 4.05 = 0.020 m, yaani sentimita 2. Kipande cha sentimita 2 ni sehemu kubwa ya uzi wa sentimita 20 na ni kidogo sana kwenye uzi wa mita moja. Mpangilio wa safu ya mwisho unaelezeka wote.

Tulirudi kwenye ukurasa wa utaratibu tukasoma maneno yetu wenyewe: "Urefu wa uzi ulipimwa kuanzia kwenye kibano hadi kwenye fundo lililo juu ya gololi." Kanuni inataka urefu hadi katikati ya gololi. Kesho yake tuliomba gololi ileile tukaipima kwa kalipa ya venia. Kipenyo chake ni sentimita 2.48, hivyo nusu kipenyo ni 1.24. Kutoka kwenye fundo hadi juu ya gololi kuna kipete cha sentimita 0.6. Jumla ni sentimita 1.84, tunazozikadiria kuwa 1.8. Grafu ilikuwa imetabiri 2.0 kabla hatujaigusa kalipa. Tofauti ya milimita 2 haitupi shida, kwa sababu grafu yetu inasomeka hadi 0.01 s² tu, ambayo ni sawa na milimita 2.5 za urefu.

Tukiongeza 0.018 m kwenye kila urefu, g inakuwa 9.64, 9.76, 9.77, 9.70 na 9.75, wastani wake 9.72. Kupanda kwa mfululizo kumetoweka. Thamani ya uzi mfupi bado iko chini kwa 0.14, pembe kubwa inaeleza 0.06 ya hiyo, na kinachobaki kinamezwa na kosa la stopwochi.

Limebaki suala la urefu wa 0.80 m. Vipimo vyake vitatu vilikuwa 36.3, 36.3 na 36.9 s. Tukikiondoa cha tatu, g ya kwenye jedwali inapanda kutoka 9.48 hadi 9.59 na inaonekana nzuri zaidi. Hatukukiondoa. Siku ile hatukuandika jambo lolote lililoharibika katika kipimo hicho, na kukitupa sasa kwa sababu tu hakipendezi kungekuwa kuchagua matokeo. Tunakichukulia kuwa ndicho kipimo chetu dhaifu kuliko vyote.

HITIMISHO

Kwa njia ya kukokotoa g kutoka kila urefu, jaribio lilitoa wastani wa 9.35 m/s², pungufu kwa asilimia 4.4 ya thamani inayotarajiwa Morogoro, 9.78 m/s². Chanzo kikuu cha upungufu huo ni kosa la kimfumo: urefu ulipimwa hadi kwenye fundo badala ya katikati ya gololi, na hivyo kila urefu ukakosa kama sentimita 1.8. Kosa hilo limethibitishwa kwa njia mbili, grafu na kalipa.

Mteremko wa grafu hauathiriwi na kosa hilo, kwa hiyo tunatoa matokeo yake kuwa ndiyo matokeo ya jaribio hili: g = 9.75 m/s². Mistari mikali zaidi na mlalo zaidi iliyoweza kupita kwenye nukta zetu ilikuwa na mteremko wa 4.10 na 4.00, inayotoa g ya 9.63 na 9.87. Tunaandika 9.75 ± 0.12 m/s², na 9.78 imo ndani ya mipaka hiyo. Thamani ya 9.72 iliyopatikana baada ya kusahihisha urefu inakubaliana nayo, ila tunaiweka nyuma kwa sababu sahihisho lilifanyika baada ya kuyaona matokeo.

Jaribio hili haliwezi kutofautisha 9.78 na 9.81, kwa hiyo hatudai kwamba tumeonyesha athari ya latitudo.

Tumeomba nafasi ya maabara wiki ijayo kurudia urefu wa 0.20 m na 0.80 m. Urefu utapimwa hadi katikati ya gololi, pembe haitazidi digrii 5, na tutahesabu bembeo 50 kwa uzi mfupi ili kosa la kidole lipungue.