Nimebeba Mlango

Mwaka 1973, msimu wa kuuza pamba, mkulima mmoja wa Kisesa aliingia dukani Mwanza mjini, si mbali na stesheni ya reli, akiwa na hela zilizofungwa kwenye leso. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa stendi yangu, baiskeli ya Phoenix nyeusi kutoka Shanghai, breki za fito, madigadi yanayong'aa, fremu bado imeviringishiwa karatasi. Nilikuwa nimevuka bahari kwa vipande sandukuni, kisha behewa la mizigo likanipitisha Dodoma, Tabora na Shinyanga, nikafungwa nati na fundi wa dukani wiki hiyohiyo.

Masanja aliinua gurudumu langu la nyuma, akazungusha pedeli, akainama na kuweka sikio karibu na habu.

"Hii inaimba," akamwambia mwenye duka, wakaanza kupatana bei.

Karatasi ile ya fremu hakuitoa. Ilikaa mpaka jua na mvua viliipukutisha yenyewe, na kila jioni mkewe, Nyanjige, alinifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kufuta miguu ya wanawe. Nilibeba magunia ya pamba kwenda ghala la ushirika, nilibeba mahindi, nilibeba wagonjwa. Mwezi Juni nilimpeleka Masanja Bujora kwenye ngoma za Bulabo, vikundi vya Wagika na Wagalu vikishindana kutwa, na usiku alinikokota hadi nyumbani huku akiimba, kwa sababu hakuwa katika hali ya kunipanda.

Mwaka uliofuata likaja agizo la kuhamia vijijini.

Watu wameeleza mengi kuhusu Operesheni Vijiji, wa kusifu na wa kulaani. Mimi nitasema nilichokibeba. Masanja alikuwa na mlango wa mninga alioupasua na kuuranda mwenyewe alipooa. Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, hiyo ingejengwa tena, lakini mlango hakuwa tayari kuuacha. Mkokoteni wa ng'ombe ulishajaa: vyungu, kinu, kuku, watoto, na bibi kizee aliyekuwa akilia kimyakimya kwa sababu makaburi ya watu wake yalibaki nyuma. Basi mlango ukalazwa juu ya kerie yangu, ukafungwa kwa kamba ya katani. Ulikuwa mpana kuliko njia. Masanja alishika usukani, Nyanjige akashika pembe ya nyuma, na kila upepo ulipovuma kutoka ziwani mlango ulitaka kutugeuza wote watatu turudi tulikotoka. Spoku mbili zilikatika njiani. Masanja hakusimama hata kuziangalia.

Tulifika giza likiingia. Kiwanja chao kilikuwa vigingi vinne vilivyochomekwa ardhini, basi. Hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna mti. Masanja akausimamisha mlango, akauegemeza kwangu, mimi nikiwa nimeegemezwa kwenye kinu. Familia ikalala nyuma yake.

Asubuhi alikuja jirani, mwanamke ambaye naye alikuwa amehamishwa kutoka ng'ambo ya mto. Angeweza kupita upande wowote, maana palikuwa wazi pande zote. Hakupita. Alikuja mpaka mbele ya mlango ule, akasimama.

"Hodi hapa!"

"Karibu," akajibu Nyanjige, akajitanda kanga vizuri, akanisogeza kidogo, akamfungulia.

Miaka iliyofuata iliniumiza zaidi kuliko mlango. Baada ya Vita vya Kagera vitu viliadimika: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na tairi la baiskeli lilitajwa tu, halikuonekana. Tairi langu la mbele lilipopasuka, Masanja alilishona kwa uzi wa nyavu alioupata kwa mvuvi, akaweka ndani kipande cha tairi kuukuu ili mpira usichomoze. Sulusheni ilikuwa haipatikani, kwa hiyo kiraka kilichovuja alikifunga kwa kamba ya mpira na kuendelea. Nilikimbia nikiruka-ruka kila duara moja. Mimi sikulalamika, na yeye hakulalamika.

Binti yao Mhoja alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni alihitaji sanduku, godoro, ndoo, sare na nauli. Masanja alinipeleka mjini kimya, akauza, akahesabu hela, akaondoka kwa miguu. Nyanjige alikuwa amenifuta vumbi asubuhi ile pia.

Aliyeninunua ni kijana wa Kirumba, Bahati. Hakuwa mtu wa kufuta vumbi. Alikuwa mtu wa Mwaloni, soko la samaki, na Mwaloni kila kitu kinaloa na kunuka, na hakuna anayeona haya. Miaka ile sangara walikuwa wengi ajabu. Bahati alifunga samaki mmoja mmoja kwenye kerie, mkia ukiburuta barabarani, watoto wakitukimbilia. Viwanda vya minofu vilipoongezeka, minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukabaki na mapanki: kichwa, mgongo, mbavu. Bahati aliyapakia kwenye tenga na kuyapeleka kwa akina mama waliokaanga na kukausha. Niseme wazi, kwa kuwa niliyabeba: nyama iliyobaki kwenye mifupa ile ilikuwa kidogo, na watu waliokuwa wakiingojea walikuwa wengi. Maji yake yalinila. Kutu ilinianzia chini ya kerie, ikapanda hadi kwenye madigadi.

Bahati alikuwa na mdogo wake, Ezra, aliyemaliza masomo Bukoba. Akaandika barua kwamba anakuja Mwanza kwa meli. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 Bahati alinisugua kwa sabuni ya unga na ndimu mpaka rangi nyeusi ikaonekana tena. Kerie aliisugua peke yake kwa muda mrefu. "Anakuja na suruali mpya," alimwambia jirani. "Sitaki anuke sangara siku ya kwanza."

Asubuhi tulikuwa bandarini mapema. Watu walikuwa wengi, wamebeba leso na vikapu vya chai. Meli ya MV Bukoba haikuonekana. Saa zilipita, kisha habari zikaanza kuja vipande vipande, kila mtu na chake, mpaka mwanamke mmoja akapiga yowe, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Meli ilikuwa imepinduka karibu tu na Mwanza. Mamia walikufa. Bahati aliniacha pale ukutani, hakunifunga kwa kufuli, na alinikuta palepale aliporudi siku ya pili. Hakuna aliyeiba kitu siku zile.

Wengi walizikwa Igoma. Bahati alinipeleka huko mara nyingi, taratibu, bila mzigo. Mapanki hakuyabeba tena. Jioni moja alichukua spana, akaifungua kerie nati moja baada ya nyingine, akaiweka chini ya kitanda chake. Mimi akaniuza nikiwa sina kerie. Mnunuzi alipouliza iko wapi, alisema, "Hiyo siuzi."

Mnunuzi alikuwa Mama Kulwa wa Mabatini, mjane mwenye mapacha. Alinipeleka moja kwa moja kwa mchomeleaji, akamwambia atengeneze kerie ya nondo. "Nene," alisema. "Nene zaidi ya hiyo." Ikawa nzito kuliko fremu yangu yote, na tangu siku hiyo sijawahi kuogopa mzigo.

Miaka yote aliyokuwa nami Mama Kulwa hakunipanda hata siku moja. Alinisukuma. Mwanza ni mji wa mawe, nyumba zimekaa juu ya miamba na kati ya miamba, na maji ya bomba yalikuwa yakiishia bondeni. Madumu ya lita 20, mawili kila upande na moja juu, tukipanda. Alijua kila jiwe. Palipokuwa pabaya aliweka bega lake chini ya kiti changu na kunisogeza kama anavyosogezwa ng'ombe aliyegoma. Sauti ya maji yakicheza ndani ya madumu niliisikia mchana kutwa. Waliokuwa wakinunua maji walimuulizia kwa majirani: "Mama Kulwa yupo?" Hapohapo juu ya mawe, kwa biashara hiyo, Kulwa alikwenda ualimu. Ninasema hili kwa sauti kwa kuwa sijamsikia mtu mwingine akilisema.

Doto hakupenda shule. Alinichukua mimi. Akafunga mto wa sponji juu ya kerie ya nondo, akaushonea kitambaa chekundu, tukaingia daladala za baiskeli pale Igoma. Abiria walikaa upande, wengine na watoto, wengine na kuku. Doto aliendesha akisimulia hadithi zisizoisha ili abiria asishuke kabla ya kufika. Nilizipenda siku zile. Kisha pikipiki zikaja, bodaboda zikajaa, na Doto naye akapata ya mkopo. Hakuniuza. Aliniegemeza nyuma ya nyumba, kuku wakalala juu yangu, mtu akachomoa pedeli ya kushoto, mwingine kengele.

Fundi wa Usagara alininunua kama chuma chakavu, kwa kilo. Aliponipindua aone cha kuvuna, aligonga kerie kwa nyundo, ikalia vizuri, akanyamaza. Akabadili mawazo. Golori mpya, cheni mpya, rimu ya nyuma kuukuu lakini iliyonyooka, mpira mpya. Akaniweka barabarani.

Bibi mmoja muuza nyanya alikuja na mjukuu wake, Zawadi, wa kidato cha pili, aliyekuwa akitembea kwenda shule tangu alfajiri.

"Shikamoo baba. Hii shilingi ngapi?" aliuliza Zawadi.

"Marahaba. Themanini."

"Haina madigadi," akasema bibi.

"Ina kerie, mama. Angalia hiyo kerie."

"Kerie nimeiona. Nauliza madigadi."

Walikubaliana sitini na tano, na fundi akatoa pampu.

Siku za shule nakwenda na madaftari. Jumamosi tunakwenda Busisi na matenga ya nyanya. Zamani hapo Kigongo ulingoja kivuko, jua likikuchoma, nyanya zikilainika. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, na katikati yake upepo wa ziwa unasukuma kutoka ubavuni. Zawadi anauweza. Tatizo lake ni Juma, mdogo wake, ambaye kila Jumamosi anadai kupanda.

"Kerie imejaa nyanya. Shuka utembee."

"Nikae kwenye fremu."

"Mwanzo wa daraja mpaka katikati unatembea. Kuteremka ndiyo unapanda."

Juma anatembea akinung'unika, mkono mmoja akisukuma tenga. Katikati ya daraja anaruka juu ya fremu kabla dada yake hajasema kitu, na wote wawili wananikandamiza kwa pamoja. Ninashika kasi.

"Usiguse breki!"

"Sijagusa!"

"Umegusa, nimeiona!"

"Wewe angalia mbele, kuna lori!"

Zawadi anabana kushoto, lori linapita, nyanya zote zipo, na Juma anaendelea kubisha kwamba hakugusa.