Mama mdogo, sitaweza kuja kwenye sendofu

Shikamoo Mama mdogo. Natumaini hapo Makorora mmeamka salama, na goti la Baba mdogo linaendelea vizuri.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia, nikisikia sauti yako, nitajikuta nimesema ndiyo. Mama, sitaweza kuja Tanga kwenye sendofu ya tarehe 12 Desemba. Na kumsimamia mdogo wangu, kama nilivyokuahidi, sitaweza pia. Nisamehe. Nakwambia leo, zikiwa zimebaki wiki tatu, ili mpate msimamizi mwingine bila kukimbizana.

Nimechoka, Mama, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ninao tangu mwezi wa nane. Juzi usiku nilikuwa nasahihisha mitihani ya kufunga mwaka, mikondo minne, karatasi zaidi ya 200. Nikasoma jibu la mtoto mmoja mara nne, na kila nikifika mwisho sijui ameandika nini. Nikafunika kalamu nikazima taa. Na moyo nao uko chini siku hizi. Hata mambo niliyozoea kuyafurahia hayanichangamshi.

Zaidi ya hapo naomba kwa sasa yabaki kwangu. Si kwamba nakuficha, ni kwamba kuyaeleza nako kunanichosha. Ila usikose usingizi kwa ajili yangu: daktari nimeshamwona, nina mtu ninayekaa naye kila wiki tukazungumza, nakula, na jirani yangu ananipitia kila jioni.

Mwanzo nilikuandikia kwamba nimenyimwa ruhusa kazini. Nikaufuta ule ujumbe. Wewe ndiye uliyenisuka nywele usiku ule kabla sijaenda bweni, ukanifungia na karanga kwenye kitambaa. Sikuona namna ya kukudanganya.

Nimewaza pia nije hivyohivyo, nijikaze. Lakini kazi ya msimamizi naijua. Aingie ukumbini akicheza, atabasamu mpaka saa sita usiku, na bi harusi akianza kulia wakati wa kuagwa na wazazi, yeye ndiye awe imara. Mimi sasa hivi nikimwona analia, hatutajua nani ambembeleze mwenzake. Zile picha atazitazama miaka yote, na sitaki anikute pembeni yake nimesimama kama niliyepotea njia. Mngemwomba binti wa Shangazi wa Korogwe. Wamekua pamoja, anachekesha, na mwili wetu ni mmoja, kwa hiyo gauni litamkaa bila kupelekwa tena kwa fundi.

Bi harusi naomba usimwambie. Nitampigia mwenyewe leo baada ya magharibi, alisikie kwangu. Najua ataumia, na ana haki.

Ndugu wakikuuliza, waambie kazi zimenielemea na nimeshauriwa nipumzike. Ndivyo ilivyo, hutakuwa umesema uongo. Ila naomba lisiandikwe kwenye kundi la familia la Watsapu. Wajomba watanipigia mmoja baada ya mwingine, kwa nia njema kabisa, na mimi sina nguvu ya kupokea simu kumi na kujieleza upya kila mara. Na msifunge safari kuja kuniangalia, tafadhali. Nyumba yenu ina shughuli, na mimi nafuu yangu kwa sasa ni utulivu.

Mchango wangu uko palepale. Laki moja na nusu niliyoahidi nimemtumia mhazini jana, amenijibu kwamba imefika. Bi harusi nimemnunulia doti mbili za khanga. Zile nitampa mkononi nitakapokuja.

Kuhusu lini nitakuja, sitaki kukupa ahadi nyingine nikaivunja. Kwenye harusi ya Januari msinihesabu kwanza. Nikipata nafuu nitakuja siku ya kawaida tu, hakuna ukumbi wala kamera, tukae barazani unikaangie visheti. Hicho ndicho kitu nilichotamani wiki hii, na nimefurahi hata kukitamani.

Huna haja ya kunijibu leo. Ukiwa umekasirika kidogo nitaelewa, nilikuwa nimekupa neno langu.

Gauni nimeshalipiga pasi, lipo kwenye mfuko mweusi pamoja na viatu na kilemba. Jumatano asubuhi nitalipeleka Mbezi Luis lije na basi, na namba ya basi nitakutumia ili kijana aende kulipokea stendi. Pindo la kushoto fundi aliliacha refu kidogo. Mwambie atakayelivaa alitazame mapema.

Nisalimie Baba mdogo.

Mwanao