Barua kwa Kamati ya Udahili: nafasi kwenye orodha ya akiba

Jambiani,
Kusini Unguja.
14 Julai 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Udahili wa Shahada za Uzamili,
Taasisi ya Sayansi za Bahari,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
Buyu, Zanzibar.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUWA KWENYE ORODHA YA AKIBA, SHAHADA YA UZAMILI YA SAYANSI ZA BAHARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu ya Juni inayonijulisha kuwa nipo kwenye orodha ya akiba, nami nashukuru. Nia yangu haijabadilika. Nafasi ikipatikana, hata siku chache kabla ya masomo kuanza, nitaipokea; sijathibitisha nafasi katika chuo kingine chochote. Naandika pia kwa sababu nilipotuma maombi mwezi Machi, jaribio nililolieleza lilikuwa bado linaendelea. Sasa limekamilika.

Mnajua kuliko mimi jinsi mwani mnene, ambao ndio wenye bei, unavyoteseka kwenye maji mafupi wakati wa kaskazi. Kikundi cha akina mama ninachofanya nacho kazi kilikuwa kimeshaukatia tamaa, kikabaki na mwembamba. Tulipanda mbegu ileile mahali pawili: kwa kamba na vigingi kwenye maji mafupi, na kwa nyavu za mirija kwenye kina kisichopungua mita 3 hata maji yakitoka. Mchana wa bamvua, kipimajoto cha vigingini kilifika nyuzi 34. Cha kwenye kina hakikuvuka 30. Vigingini mbegu ilipauka na kukatika kabla hatujavuna. Nyavuni tulivuna mara mbili. Sidai makubwa, maana nyavu zilikuwa 6 tu, na katika mavuno ya pili tasi walishatangulia kula sehemu kubwa ya nyavu 2, zile zilizokuwa karibu na majani ya bahari. Hilo ndilo swali ninalotaka kulileta Buyu: nyavu zikae umbali gani na malisho ya tasi bila kuwapeleka akina mama mbali kupita kiasi?

Mwezi Mei nilimaliza kozi fupi ya uchanganuzi wa takwimu, na majedwali ya jaribio hili nimeyaandaa mwenyewe.

La mwisho huenda halimo kwenye vigezo vyenu: nimejifunza kuogelea. Kina kile hakifikiki kwa miguu, na wengi wetu tuliokulia pwani, wanawake hasa, hatukufundishwa. Wanakikundi 7 wamejifunza pamoja nami, na ndio wanaoziangalia nyavu sasa.

Naambatisha ripoti ya jaribio ya kurasa 9, cheti cha kozi, na barua ya mwajiri wangu anayekubali kuniruhusu masomoni kuanzia Oktoba. Nikiitwa kwa usaili, naweza kufika Buyu siku yoyote.

Wako mtiifu,

Mwanaisha Haji Makame
Mwombaji