Mada: Ada ya kuhuisha bima ya nyumba ya wageni – kwa nini imepanda, na njia tulizonazo kabla ya 30 Novemba

Bagamoyo, Alhamisi 14 Novemba 2024

Bi. Mwajuma, shikamoo.

Natumai umeamka salama na wageni wako wako salama. Juzi Jumanne uliponipigia simu ulikuwa umekasirika, na ulikuwa na haki. Uliniambia, "Mimi sijaongeza hata msumari mmoja, iweje bima ipande kwa milioni?" Kwenye simu sikukujibu vizuri. Nimekaa na makaratasi yako siku mbili, nimezungumza na kampuni ya bima mara tatu, na sasa naweza kukueleza jambo lenyewe hesabu kwa hesabu. Nakala nimempelekea Abdul kwa kuwa yeye ndiye anayeshika vitabu.

Mwaka jana mali zako zote zilikatiwa bima ya Sh. 500,000,000: nyumba kuu na vyumba 340,000,000, banda la mgahawa 80,000,000, na samani na vifaa 80,000,000. Kampuni ilitoza kiwango kimoja kwa vyote, asilimia 0.4, yaani Sh. 2,000,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 ulilipa Sh. 2,360,000.

Mwaka huu wameligawa fungu hilo. Nyumba na samani wamezitoza asilimia 0.45, sawa na Sh. 1,890,000. Banda la makuti wamelitoa peke yake na kulitoza asilimia 1.2, sawa na Sh. 960,000. Jumla ni 2,850,000, na pamoja na VAT ni Sh. 3,363,000. Nyongeza ni Sh. 1,003,000. VAT haijabadilika, inakuwa kubwa kwa sababu ada yenyewe imekua.

Kama unavyoona, sehemu kubwa ya nyongeza imetoka kwenye banda. Lile lile lililokuwa likilipiwa Sh. 320,000 sasa linatakiwa kulipiwa mara tatu. Hapa ndipo ule moto wa jikoni wa Julai unapoingia. Hasara ilikuwa Sh. 6,900,000, wewe ukabeba 500,000 zako za mwanzo, kampuni ikalipa 6,400,000. Fedha hizo peke yake zinapita ada ya mwaka mzima mara mbili na zaidi. Lakini kilichowatisha si kiasi, ni maneno ya mtathmini wa hasara kwenye ripoti yake: kwamba jiko liko chini ya paa moja na mgahawa, mitungi ya gesi iko ndani, na moto ulizimwa ukiwa umebakiza kama mita moja kufika kwenye makuti. Nilikuwepo siku ile mchana, niliona masizi kwenye boriti. Tunaokaa pwani tunajua makuti yakiwa makavu mwezi wa kwanza na wa pili, na kaskazi inavuma kutoka baharini, moto hausubiri mtu afike na ndoo. Afisa wa kampuni aliye Dar es Salaam, anayepima hatari na kupanga ada, hakuwa amelitazama banda lako kwa jicho hilo. Sasa amelitazama.

Ile nyongeza ndogo ya asilimia 0.05 kwenye nyumba na samani haihusiani na wewe. Kampuni za bima nazo hukata bima kwa wakubwa wao, tunaita bima mtawanyo, ili hasara kubwa isiwaangushe. Wale wa bima mtawanyo wamepandisha bei zao kwa mafuriko na dhoruba za nchi nyingi, na mwaka huu kwetu tumekuwa na yetu: mvua zilizofurisha Rufiji mwezi Aprili, kisha Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei. Mkataba wako unabeba mafuriko na tufani, na nyumba yako iko hatua chache kutoka ufukweni. Hilo nimelibishia lakini hawakusogea, na sitakudanganya kwamba nitaweza kulisogeza.

Kwenye banda, hata hivyo, wamesogea.

Nimewauliza: Bi. Mwajuma akiondoa sababu ya hofu yenu, mtafanya nini? Wamekubali kwa maandishi kushusha kiwango cha banda kutoka asilimia 1.2 hadi 0.9 kama mambo manne yatafanyika: mitungi ya gesi itolewe nje na kuwekwa kwenye kibanda cha matofali chenye mlango wa nondo, ukuta wa tofali ujengwe kati ya jiko na sehemu ya wageni, mitungi ya kuzimia moto iwe minne, iliyokaguliwa, na mfumo wa umeme wa banda upimwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, atoe cheti. Taa zile za mapambo zilizofungwa kwenye boriti kwa nyaya nyembamba lazima zitoke, hata kama wageni wanazipenda. Kwa kufanya hivyo tu, ada inakuwa Sh. 3,079,800 pamoja na VAT.

Njia ya pili ni kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya kila hasara. Sasa unabeba Sh. 500,000 za mwanzo. Ukikubali kubeba 2,000,000, kampuni inapunguza ada yote kwa asilimia 12. Bila kugusa kitu kingine ingekuwa Sh. 2,959,440. Lakini ipime vizuri: kwa moto wa Julai ungelipwa 4,900,000 badala ya 6,400,000. Njia hii inamfaa mwenye akiba pembeni. Najua unayo kwa ajili ya msimu mfu, kwa hiyo naona unaweza kuibeba, lakini uamuzi huo ni wa nyumbani kwako, si wangu.

Zikiunganishwa njia hizo mbili, ada inashuka hadi Sh. 2,710,224.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ningeweza kuishia hapo, ukafurahi, na mimi nikawa nimekukosea. Banda lako limeandikwa Sh. 80,000,000. Fundi Shabani aliyerekebisha jiko alinifanyia makadirio ya kulijenga upya kuanzia msingi: boriti za mikoko, makuti, sakafu, kaunta, umeme na mabomba. Yalifika Sh. 120,000,000. Maana yake banda lina bima ya theluthi mbili tu ya thamani yake. Watu wengi hudhani upungufu huo unauma banda zima likiteketea peke yake. Sivyo. Mkataba una kanuni ya uwiano: ukikata bima ya theluthi mbili, hata hasara ndogo unalipwa theluthi mbili. Upande mmoja wa paa ukiungua kwa hasara ya Sh. 30,000,000, kampuni italipa 20,000,000, na hapo hata ile sehemu yako ya kwanza haijatolewa. Julai walilifumbia macho kwa kuwa hasara ilikuwa jikoni na ndogo. Safari nyingine hawatalifumbia.

Kwa hiyo ombi langu ni tulipandishe banda hadi 120,000,000, ufanye yale mambo manne, na ubebe 2,000,000 za mwanzo. Hesabu yake ni hii: banda 1,080,000, nyumba na samani 1,890,000, jumla 2,970,000, toa asilimia 12 zinabaki 2,613,600, ongeza VAT 470,448. Utalipa Sh. 3,084,048. Ni zaidi ya mwaka jana kwa 724,048, siwezi kulificha hilo. Lakini ni chini ya ile bei waliyotuletea kwanza, na banda lina bima ya thamani yake kamili.

Unapaswa pia kujua kwamba kamisheni yangu hulipwa na kampuni kama sehemu ya ada. Ada ikiwa kubwa, nami napata zaidi kidogo. Nakwambia ili upime ushauri wangu ukijua hilo, na kama ungependa mtu mwingine akague hesabu hizi, nitakupa karatasi zote bila kinyongo.

Nilipita pia kwingine. Kampuni moja imekataa makuti kabisa. Nyingine imetoa Sh. 2,720,000 pamoja na VAT, kwa thamani zilezile za mwaka jana, lakini mafuriko na tufani havimo. Kwa nyumba iliyo ufukweni Bagamoyo, tena tukiwa katikati ya mvua za vuli, mimi nisingekukatia mkataba huo hata ukiniomba mara mbili.

Abdul aliniuliza kama tunaweza kuliacha banda nje ya bima. Ada ingekuwa Sh. 2,230,200, ndogo kuliko zote. Tatizo ni kwamba benki iliyokukopesha imetajwa kwenye mkataba na barua yake ya mkopo inataka majengo yote yawe na bima. Na zaidi ya benki, banda hilo ndilo linalokuletea watu wa Dar kila Jumamosi.

Kuhusu kulipa kwa awamu, kampuni imekataa: ada isipoingia, bima haianzi. Mkataba wa sasa unaisha Jumamosi 30 Novemba saa sita usiku, na kuanzia dakika hiyo hakuna cha kudai. Ninaomba malipo yawe yameingia kufikia Alhamisi 28, kwenye akaunti ya kampuni yenyewe kwa namba ya malipo nitakayokutumia, si kwa mtu yeyote mkononi, hata mimi. Risiti ya EFD utaipata siku hiyohiyo.

Kazi za ujenzi wametupa hadi 31 Januari kuzimaliza, na punguzo linaanza mara moja. Ila masharti hayo yataandikwa ndani ya mkataba. Tukipita tarehe hiyo bila ukuta na kibanda cha gesi, moto ukitokea wanaweza kukataa madai. Usikubali kama unaona fundi hatamaliza. Niambie mapema niombe muda zaidi.

Ukiona kampuni haikutendei haki, hata kama mimi nimeridhika nayo, unayo nafasi ya kupeleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na nitakuandikia barua hiyo mwenyewe.

Jumatatu tarehe 18, saa nne asubuhi, nitapita hapo na Fundi Shabani tupime mahali pa ukuta. Kama saa hiyo una wageni wanaoondoka, mwambie Abdul anijulishe tusogeze hadi baada ya adhuhuri. Hadi hapo usitie saini fomu uliyoletewa na dereva wiki iliyopita, kwa kuwa ina ile ada ya kwanza na ile thamani ya zamani ya banda.

Nisalimie wote nyumbani.

Kijana wako,
Ramadhani
Dalali wa bima, Bagamoyo