Leo mbwa wote wapite mezani: hotuba ya afisa mifugo siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, wazee wangu shikamooni. Akina mama, vijana, habari za asubuhi. Na nyie wanafunzi mliofika hapa mnaburutwa na mbwa badala ya nyie kuwaburuta, karibuni sana.

Nimepewa dakika kumi. Lakini chanjo ziko kwenye lile kasha la barafu, jua letu hili la Serengeti mnalijua, na kule nyuma naona mbwa wawili wameshaanza kutunishiana. Nitakwenda haraka.

Mwaka mmoja, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, mzee mmoja alileta mbwa wake wawili kwenye chanjo kama hii. Akawashika vizuri, wakachomwa, akachukua kadi zake. Nyumbani alibakiza kitoto kimoja cha wiki sita. Nikamwuliza, na kile kingine? Akasema, "Kile bado kidogo, bwana mifugo, kitakuja mwakani." Foleni ilikuwa ndefu, mimi nikanyamaza. Lile kosa ni langu.

Baada ya miezi miwili kitoto kile kilianza kuwa na tabia ya ajabu. Kinalala chini ya ghala mchana kutwa, ukikiita hakiji. Mjukuu wa yule mzee, mvulana wa miaka minane, akakipelekea ugali. Kikamng'ata kidole. Si jeraha la kutisha, ni kama mwiba wa mgunga. Bibi akapaka majivu, kidole kikapona kwa wiki moja. Kitoto cha mbwa kikafa, kikatupwa, hakuna aliyeniita.

Wiki ya sita mtoto akaanza kulalamika kwamba kidole kinawasha. Kisha homa. Mimi nilimkuta wodini. Alikuwa na kiu, anaomba maji kwa sauti iliyokauka. Dada yake akamletea kwenye kikombe chekundu cha plastiki. Kikombe kilipokaribia mdomo, koo likakaza, mwili mzima ukaruka, akakisukuma. Halafu akaomba maji tena. Akaletewa tena, akaruka tena. Daktari akanivuta pembeni akaniambia, huyu tunamtuliza tu. Siku ya nne tulikuwa makaburini.

Ndugu zangu, huo ndio ugonjwa wenyewe. Virusi vyake vinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Aking'ata, au akilamba kidonda kibichi, vinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole kwenda kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo mara nyingi ni mwezi mmoja hadi mitatu. Ndani ya muda huo mtu anaokolewa kwa chanjo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Si hapa wilayani, si Bugando, si Muhimbili, hata umpeleke India. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Wengi ni watoto, kwa sababu watoto ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaoficha kwamba wameng'atwa wasije wakachapwa. Msiwachape kwa hilo.

Sasa, kwa nini nasema kila mbwa? Ugonjwa huu unatembea kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Kichaa akimkuta mbwa aliyechanjwa, njia imefungwa. Akimkuta asiyechanjwa, ameongezeka kichaa wa pili. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita na unazimika. Mwaka jana hapa tulichanja mbwa 212. Wenyeviti wa vitongoji walikuwa wamehesabu 380. Pigeni hesabu: hatukufika hata 60 kwa 100. Na tangu siku ile wamekufa wangapi, wamezaliwa wangapi? Mbwa wa kijijini haishi miaka mingi. Ndiyo maana narudi kila mwaka kama mkusanya ushuru, na ndiyo maana yule wa wiki sita namtaka leo. Kitoto aletwe, mbwa mzee aletwe, jike lenye mimba aletwe. Paka pia.

Kuna wanaosema tuwaue tu, yaishe. Tumeona. Ukipiga mbwa 50, umewapiga na waliochanjwa ndani yake. Nyumba haikai bila mlinzi, kwa hiyo mwezi ujao watu wanakwenda kijiji cha pili kuchukua vitoto ambavyo havijawahi kuona sindano. Tazameni Pemba. Wenzetu walichanja mbwa kwa wingi, na mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka kisiwani. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje. Wakarudi kwenye sindano, ukaondoka tena. Kile ni kisiwa, kimezungukwa na bahari, na bado uliingia. Sisi tumezungukwa na nini? Mto huu ambao hata mbuzi anauvuka?

Nimesikia pia kwamba chanjo inamfanya mbwa kuwa mpole, haoni mwizi. Mwizi ndiye aliyeanzisha maneno hayo, nina hakika. Sindano inaingia chini ya ngozi ya shingo, haigusi ukali wa mbwa. Atasinzia kidogo leo, kesho atabweka kama kawaida.

Na ule usemi wa "huyu si wa kwangu, ni mbwa koko." Usiku anakula makombo ya nani? Anayemlisha ndiye mwenyewe, amlete.

Uking'atwa, hata na mbwa unayemjua, hata kidogo kama kile kidole: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa, usibandike jiwe. Kisha siku hiyo hiyo nenda zahanati, na dozi utakazopangiwa uzimalize zote. Mnajua zinavyogharimu ukijumlisha na nauli. Nyumba nyingine zimeuza mbuzi. Hii ya mbwa leo ni bure. Mbwa aliyeng'ata msimuue haraka kama anaweza kufungwa salama. Nipigieni, nije nimwangalie siku kumi. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu. Na ng'ombe aliyeng'atwa akianza kulia ovyo na kutokwa na mate, hakuna kumchinja wala kutia mkono mdomoni mkidhani amekwamwa na kitu.

Basi. Foleni mbili: Kitongoji cha Juu upande wa mwembe, wa Mtoni upande wa shule. Mbwa mmoja kamba moja, na muwaachie nafasi. Mbwa mkali ashikwe na mtu mzima, afungwe mdomo kwa kamba kabla hajafika mezani. Akishachomwa atapuliziwa rangi ya buluu kichwani, na wewe utapewa kadi. Itunzeni, mkiing'ang'ania kama ya mbolea itanifurahisha. Jioni nitapita na pikipiki nyumba kwa nyumba, na kila mbwa asiye na buluu nitamwulizia.

Karani, tuanze. Nimeona kwenye daftari la mwaka jana mbwa anaitwa Hayawahusu. Sijui jirani gani alikuwa anaambiwa. Yuko wapi? Haya, mwenye Hayawahusu, sogea mbele, leo yanamhusu.