Mama Rehema, isome ukiwa peke yako

Mke wangu,

Assalam aleikum. Nakuandikia nikiwa kazini, zamu ya usiku, meli imechelewa kufunga gati na wenzangu wanasinzia. Nimeona niandike kwa sababu tukikaa uso kwa uso unahisi unadaiwa jibu, na mimi sikudai kitu. Isome kidogo, iweke, uirudie ukipenda. Ukitaka kunijibu nijibu kwa mdomo au kwa meseji. Usipotaka, basi.

La kwanza nataka ujue sina hasira na wewe. Naona unavyonisoma uso nikiingia mlangoni, kama unatafuta leo nimerudi vipi. Tangu Idi maneno yako yamepungua, kisha ukaacha kutoka, na sasa hata sebuleni unapita upesi kama uko nyumba ya watu. Sijadhani hata siku moja kwamba umenichoka, wala kwamba umekuwa mvivu kama walivyoanza kusema. Mvivu hulala. Wewe nakusikia saa tisa usiku unakwenda kujaribu kitasa cha mlango, unarudi, unanyanyuka tena kutazama mtungi wa gesi, unapita chumba cha watoto kusikiliza kama wanapumua. Asubuhi unaamka umechoka kuliko mimi niliyebeba mizigo, nami naelewa kwa nini.

Siku ile kwenye daladala ya Mgandini, moyo ulipokwenda mbio na vidole vikafa ganzi, uliniambia kwenye simu, "Baba Rehema, nakufa." Kipimo cha moyo kikatoka safi, ukaambiwa huna kitu, ukarudi nyumbani na aibu juu ya hofu. Mimi nasema una kitu, na kinajulikana. Nimekwenda kuzungumza na nesi wa kliniki ya afya ya akili, sikumtajia jina lako. Alinieleza kwamba ni king'ora cha mwili kinacholia wakati hakuna moto. Moto haupo, lakini mlio ni wa kweli, na anayeusikia hawezi kuambiwa "tulia tu" akatulia. Kwa kawaida hofu ya namna hiyo hupanda hadi juu kabisa kwa dakika kama 10, kisha huanza kushuka yenyewe. Inatisha sana, lakini yenyewe haiui.

Ikikushika nipo, nitafanya hivi: nitakaa karibu yako, sitakushika mpaka uniombe, wala sitakuuliza maswali. Tutavuta pumzi kwa pua tukihesabu mpaka 4, tutaitoa taratibu tukihesabu mpaka 6. Kutoa ndiko kurefu. Tujizoeze jioni mkekani siku ambazo uko sawa, maana ukisubiri mpaka moyo upande, hesabu yenyewe inapotea. Na ile kahawa ya alfajiri nakuomba tuipunguze sote wawili, huzidisha mapigo ya moyo. Ya kwangu naanza kuiacha mimi kwanza, ingawa Mungu anajua itaniuma.

Sasa mambo ya nyumba. Sokoni nitakwenda mimi, na nyanya mbovu nitakazokuletea utanisamehe. Mchango wako wa vikoba nitautuma kwa simu kila wiki, mwenyekiti nimemwambia unaumwa tu, hajauliza zaidi. Shule ya watoto nitawapeleka nikitoka zamu. Nguo za wateja nimezipanga juu ya kabati kwa majina. Zile ambazo hujazikata nimezirudisha na hela zao. Lile dira la bibi harusi wa jirani limebaki mkono mmoja, sikuligusa, kwa sababu kitambaa umekikata kwa hesabu yako na fundi mwingine atakiharibu. Mwenyewe kasema atasubiri mpaka baada ya mfungo sita. Cherehani usiifunike. Ukipita ukaamua kushona mshono mmoja na kuondoka, umeshona.

Lakini kuna jambo nesi alilisema ambalo sitakuficha. Alisema nikikufanyia kila kitu milele, hofu inanenepa, kwa sababu kila mahali unapopakwepa panazidi kutisha. Kwa hiyo haya ninayoyabeba nayabeba kwa muda, na tutakuwa tunayarudisha moja moja, polepole, wewe ukichagua lipi. Nimefikiria tuanze na kibarazani, baada ya alasiri wakati mtaa umepoa, ukae na kikombe chako hata kwa dakika chache, mimi nikiwa ndani. Ikizoeleka, tufike dukani kwa Mpemba na kurudi. Daladala iko mbali huko mbele, tusiizungumze leo.

Wifi yako alitaka kuja kukaa wiki nzima "akuchangamshe." Nimemwomba asije kwanza. Simu za kina mama nitapokea mimi, nitasema uko salama na utawapigia ukipata nguvu. Mama anasema ni jini, anataka usomewe kisomo na unywe kombe. Dua siikatai, mimi mwenyewe nakuombea kila sala, na ukitaka kusomewa nitamwita shehe aje nyumbani. Ila hospitali nayo twende. Sioni vinavyogombana.

Najua ukisikia kliniki ya akili unawaza Lutindi na Mirembe, na maneno ya barazani. Hii ni kliniki ya kwenda na kurudi, unakaa kwenye benchi kama unasubiri kupimwa presha. Watataka kupima damu, waone kama damu imepungua au tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, kwa sababu hizo nazo huleta moyo kwenda mbio. Kisha ni mazungumzo, mara kwa mara, na mtu aliyesomea. Wakiona inafaa dawa, zipo ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na haziachwi ghafla kwa sababu tu umejisikia vizuri. Nitazihesabu na wewe. Zile valiamu ambazo shoga yako alisema zinapatikana dukani bila cheti, tafadhali tusizinunue kienyeji. Hutuliza upesi, lakini mwili huzizoea na kuziacha ni taabu.

Moja bado, na hili nataka unijibu siku yoyote lisipokuwa zito: kama mawazo yamewahi kukufikisha pa kuona heri usiwepo, niambie. Niamshe hata saa nane usiku, nipigie hata niko juu ya meli. Sitapiga kelele, sitamwambia mama, na sitakuona tofauti. Tutakwenda hospitali usiku huohuo, basi.

Nimebadilishana zamu, Jumatano niko huru kutwa. Kijana wa bajaji wa pale msikitini nimemwambia aje saa nne, wakati foleni ya asubuhi imekwisha, na asipakie mtu mwingine njiani. Nitakaa upande wa nje. Ukitaka tugeuze katikati ya safari, unigonge goti, atageuza bila kuuliza kwa nini, nimeshamweleza. Na ukiamka Jumatano huwezi kabisa, nitakwenda peke yangu nikauliza siku nyingine, na nyingine tena.

Mboga ya leo usihangaike nayo, nitapitia samaki nikitoka kazini. Wewe kama una nguvu loweka mchele, kama huna uache.

Mumeo,
Baba Rehema