Maombi ya kazi: karani wa ghala la korosho, Mtwara (Somoe Mfaume Selemani)

Dada Rehema,

Habari za kazi. Mimi ni Somoe, tuliongea kwa simu Jumanne kuhusu nafasi ya karani wa ghala hapa Mtwara. Natuma maombi kama ulivyoniagiza. Mafaili ni matano, yote PDF. Zile picha nilizotuma jana usiku kwa simu zifute tu, zilikuwa na giza. Leo nimekwenda steshenari wakaskani upya.

Wasifu (`1_Wasifu.pdf`) una kurasa mbili na unajieleza. Utaona mapengo ya miezi kati ya kazi na kazi: ajira ya korosho ni ya msimu, na ukiisha nilikuwa narudi darasani.

Faili ninaloomba ulisome kwa utulivu ni `2_Barua_chama_cha_msingi.pdf`. Imeandikwa na katibu wa chama nilichofanyia kazi Newala, misimu ya 2023/2024 na 2024/2025. Ananitaja kama karani wa mizani, lakini kazi ilikuwa pana zaidi: kuchukua sampuli, kupima unyevu, kutoa uzito wa gunia tupu mkulima akiwa anaangalia (hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia), kumwandikia stakabadhi, kisha kusimamia upakiaji kwenda ghala kuu. Msimu ule wa pili minada ilihamia kwenye mfumo wa TMX, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nalinganisha daftari letu na hati za ghala kuu, gunia kwa gunia, kabla mzigo haujatangazwa.

`3_Matokeo_TIA.pdf` ni matokeo ya stashahada ya ununuzi na ugavi, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi ya Mtwara. Cheti chenyewe sijakabidhiwa. Nikikipata nitakuletea nakala.

`4_Kidato_cha_nne.pdf` na `5_NIDA_na_kiapo.pdf` nimezitaja pamoja kwa sababu majina yanatofautiana. Cheti cha kidato cha nne kinasema Somoe Selemani, NIDA inasema Somoe Mfaume Selemani. Nililelewa na babu mzaa baba, naye ndiye aliyeniandikisha shule kwa jina lake. Ni mtu mmoja, na hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili iko ukurasa wa pili wa faili hilo la tano. Nimeona nikueleze mapema, usije ukashtuka wakati wa uhakiki.

Wadhamini watatu wako mwisho wa wasifu na wote wana taarifa. Namba yangu iko juu yake. Alhamisi na Ijumaa nitakuwa kijijini kwa bibi ambako mtandao unasumbua. Ukinikosa, niachie ujumbe mfupi, jioni nitakupigia. Kwa usaili niko tayari siku yoyote kuanzia Jumatatu, nikiwa na vyeti halisi mkononi.

Ahsante sana, dada.

Somoe Mfaume Selemani
Chikongola, Mtwara